Lori ndani ya gauni la harusi: namna ya kuufuta mwakisi wa kioo bila kuiharibu picha

Anayepiga picha ya duka lolote lenye kioo kikubwa kando ya barabara kuu ya Tunduma hupata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Anapata bidhaa aliyoitaka, na juu yake anapata lori. Barabara hii ndiyo njia ya mizigo ya kwenda Zambia na Kongo, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde siku nyingine hurudi nyuma hadi Mpemba. Kwa hiyo gauni jeupe la harusi lililovalishwa mdoli nyuma ya kioo hutokea kwenye picha likiwa na turubai begani, tairi kiunoni, na utingo amekaa juu ya tangi la mafuta pale ambapo bibi harusi angeshika maua.

Wengi wakishaiona picha ya namna hiyo hukimbilia kompyuta, wakachukua brashi ya kunakili na kuanza kupaka. Lori linaondoka kweli, lakini na nakshi za gauni zinaondoka nalo. Kinachobaki ni kitambaa kilichopakwa rangi, na mteja akija dukani anakuta gauni tofauti na lile aliloliona kwenye simu. Kuuondoa mwakisi ni jambo linalowezekana, na bila kuligusa gauni, ila sehemu kubwa ya kazi inafanyika barabarani kabla kompyuta haijawashwa.

Tuanze na sababu. Kioo cha kawaida cha dirisha ukikitazama moja kwa moja hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwenye uso wake wa mbele na asilimia 4 nyingine kwenye uso wa nyuma, jumla asilimia 8 hivi. Ni kidogo mno, ungedhani hakina madhara. Lakini jua kali la mchana linamwaga nje kiasi cha laksi 100,000, na duka lenye taa za kawaida lina laksi 500 tu. Asilimia 8 ya laksi 100,000 ni 8,000. Kwa hesabu hiyo turubai jeupe lililo juani linafika kwenye kamera likiwa na nguvu mara 16 kuliko gauni jeupe lililo ndani. Lori halijaiba nafasi ya gauni, limelizidi mwanga tu.

Hapo ndipo pa kushika. Mwakisi hauondoi kitu chochote kilicho nyuma ya kioo, unaongeza mwanga juu yake. Mwanga wa gauni umefika karibu wote, na mwanga wa lori umekuja kukaa juu yake, na kamera imerekodi jumla. Jumla ikijulikana, na kimoja kati ya vilivyojumlishwa kikijulikana, kingine kinapatikana. Kuna sharti moja tu: jumla isivuke uwezo wa kamera kuirekodi. Kwenye picha ya kawaida kila rangi ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Pale ambapo nyekundu, kijani na bluu zote zimegonga 255, kamera imeandika "nyeupe" na kuacha kuhesabu. Huwezi kutoa kitu kwenye hesabu iliyokatwa, na programu yoyote itakayokuonyesha nakshi mahali hapo itakuwa imezibuni.

Dawa rahisi kuliko zote ni saa. Jua likishatua, kuanzia saa moja na nusu jioni hivi, nje ni giza na dukani taa zinawaka, kwa hiyo mizani inageuka na gauni linashinda. Mpiga picha wa harusi niliyefuatana naye mjini Tunduma, kijana anayefanya pia kazi za maduka, alimshauri hivyo mwenye duka la magauni. Mama yule alikataa. "Usiku taa zangu zinalifanya gauni la njano, mwanangu. Nataka watu waone kwamba ni jeupe." Alikuwa na haki. Isitoshe, taa za malori usiku nazo huingia kwenye kioo, tena zikiwa nukta kali zinazogonga 255 mara moja.

Basi kazi ikapangwa alasiri, na hapa foleni yenyewe ikawa msaada. Duka linatazama magharibi. Asubuhi jua hutoka nyuma ya duka na kupiga ubavu wa malori unaokitazama kioo, ambayo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Alasiri jua linakuwa upande wa pili wa malori, na ubavu unaolielekea duka unakuwa kivulini. Kivulini mahali pa wazi mwanga unashuka hadi laksi 10,000 hivi. Asilimia 8 yake ni 800, kwa hiyo turubai jeupe bado linalizidi gauni kidogo. Lakini kontena la bluu nzito au la kahawia linarudisha labda sehemu moja ya kumi ya mwanga unaoliangukia, na 800 inashuka kuwa 80 mbele ya gauni lenye 500. Kontena jeusi likisimama nyuma yako ni kitambaa cheusi cha bure chenye urefu wa mita 12.

Na malori ya Tunduma hayasimami moja kwa moja. Yanasogea, yanasimama, yanasogea tena. Kila yakisogea, sehemu fulani ya kioo iliyokuwa na turubai jeupe inapata kontena jeusi, au pengo la giza kati ya kichwa cha lori na tela lake. Kijana aliifunga kamera kwenye stendi, akaiacha ilipo, akapiga picha moja kila foleni iliposogea, hadi zikafika kama kumi. Katika picha hizo hakuna hata moja iliyo safi. Ila karibu kila kipande cha gauni kilikuwa safi katika angalau picha moja.

Kwa kuwa mwakisi huongeza tu na haupunguzi, njia ya kuchagua ni nyepesi kuliko unavyodhani. Mahali popote kwenye kioo, picha iliyo na giza zaidi mahali hapo ndiyo yenye mwakisi mdogo zaidi. Hakuna haja ya jicho kuamua. Katika GIMP, ambayo ni programu ya bure, unafungua picha zote kwa `File > Open as Layers`, kisha kila tabaka isipokuwa la chini kabisa unaliwekea hali ya `Darken only`. Katika Photoshop hali hiyo inaitwa `Darken`. Programu inapita nukta kwa nukta, inachukua thamani ndogo kuliko zote, na malori yanayeyuka mbele ya macho yako tabaka moja baada ya jingine. Gauni halikuguswa, kwa sababu kila nukta iliyobaki ilipigwa na kamera kweli.

Njia hii ina masharti yake, na ukiyapuuza picha inakusuta. Kamera ikitikisika hata kidogo, kingo za nakshi zinakuwa na kivuli cha pili. Mpangilio wa kamera usiachiwe uamue wenyewe: mwanga, rangi na umbali wa kulenga vyote viwekwe kwa mkono, la sivyo kila lori jeupe likipita kamera itapunguza mwanga, na hali ya `Darken` itaichagua picha hiyo kwa sababu imefifia, si kwa sababu ni safi. Kijana aliweka ISO 100, tundu f/8 na robo ya sekunde. ISO ndogo ina sababu yake. Kila picha ina chembechembe za nasibu, nyingine juu ya thamani halisi na nyingine chini yake, na kuchukua ndogo kuliko zote kunachota zile za chini. Picha kumi za ISO 3200 zitakupa gauni lililochafuka kijivu. Mtu akipita ndani ya duka naye anaacha doa, kwa kuwa nywele na nguo zake nyeusi ni giza kuliko ukuta, na programu itamchukua kwa furaha. Ilibidi mama awaombe wasaidizi wake wakae nyuma ya kaunta.

Kitu kimoja foleni haiwezi kukiondoa, nacho ni mpiga picha mwenyewe. Yeye na stendi yake hawasogei, kwa hiyo wamo katika picha zote kumi mahali palepale. Dawa yake ni kaniki. Kitambaa cheusi kisichong'aa, kilichotobolewa tundu la kupitishia lenzi, kinatundikwa kati ya kamera na kioo, na mpiga picha anasimama nyuma yake. Satini nyeusi haifai, inameremeta. Ukitaka kaniki pekee ifunike gauni zima bila msaada wa malori, ikiwa imetundikwa usawa wa lenzi, lazima iwe na upana na urefu mara mbili ya eneo unalolipiga. Mwakisi wake unaonekana uko mbali mara mbili ya kioo, kwa hiyo unaonekana mdogo nusu. Gauni la mita 1.8 linataka kitambaa cha mita 3.6 kwenda juu. Kijana alikuwa na mita mbili tu, zikamtosha kujificha.

Kwenye kompyuta, malori yalipokwisha, kichwa cha mdoli bado kilikuwa na weupe. Hiyo ilikuwa anga. Kamera ilikuwa chini, usawa wa kiuno, na mstari unaotoka kwenye lenzi kwenda juu ya kioo unaruka juu ya malori na kugonga mawingu. Anga haisogei na wala haina pengo la giza. Ilibidi waipandishe stendi hadi usawa wa kifua na kurudia, na mstari ule ukalala vya kutosha kuishia kwenye ubavu wa kontena. Ni sentimita 40 tu, lakini hakuna brashi ingezifidia.

Kabla ya haya yote kioo kilifutwa pande zote mbili. Kiangazi cha huku kina vumbi jekundu, na vumbi lililo kwenye kioo likipigwa na mwanga linatoa ukungu unaofanana na mwakisi ila hausogei na lori. Nimeona watu wakipambana nao kwenye kompyuta kwa nusu siku, wakati kitambaa chenye maji kingeumaliza.

Ikiwa foleni imelala na malori hayasogei kabisa, kuna njia ya pili, ya kutoa. Unapiga picha ya kwanza kama kawaida. Kisha msaidizi ndani anashusha kitambaa cheusi kati ya kioo na gauni, nawe unapiga ya pili bila kugusa chochote. Ya kwanza ni gauni pamoja na lori, ya pili ni lori tupu. Unaweka ya pili juu ya ya kwanza kwa hali ya `Subtract`, na gauni linabaki.

Wengi waliojaribu njia hii wamepata gauni lililojaa madoa meusi wakaiacha, na kosa ni moja. Thamani zilizomo kwenye picha ya kawaida si kiasi cha mwanga, zimepindwa ili zilifae jicho. Chukua mkunjo wa gauni ulio kivulini wenye mwanga 5 katika 100, na juu yake mwakisi wa 20. Jumla ni 25. Kwenye faili, 25 inaandikwa 137, na 20 inaandikwa 124. Ukitoa moja kwa moja unapata 13, karibu na weusi mtupu. Jibu sahihi, yaani mwanga wa 5, lilipaswa kuandikwa 63. Mkunjo mzima umepotea kwa kosa la hesabu, na lawama kinapewa kioo. Katika GIMP kuanzia toleo la 2.10 bofya tabaka kwa kitufe cha kulia, chagua `Blend Space`, kisha `RGB (linear)`, na utoaji unafanyika kwenye mwanga wenyewe. Ni vizuri zaidi kama picha zilipigwa kwa faili ghafi la kamera, maana simu nyingi hupika picha kabla ya kuihifadhi, hung'arisha vivuli hapa na kuvififisha pale, na picha mbili hazipikwi sawasawa.

Mtu ataniuliza kuhusu polaraiza, ile filta inayozungushwa mbele ya lenzi, ambayo wauza vifaa huisifu kuwa inafuta mwakisi wote. Inafuta, ila kwa pembe. Mwaka 1808 mwanafizikia Mfaransa Étienne-Louis Malus alikuwa nyumbani kwake Paris akitazama, kupitia jiwe angavu liitwalo kalisaiti, jua la jioni lililokuwa likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Jiwe hilo huonyesha kila kitu mara mbili, lakini alipolizungusha, mojawapo ya taswira mbili za jua ilififia. Mwanga ulioakisiwa na kioo ulikuwa umepangika upande mmoja. Miaka saba baadaye Mskoti David Brewster akaeleza pembe ambayo mpangiliko huo unakamilika. Kwa kioo cha kawaida ni nyuzi 56 hivi kutoka kwenye mstari wa kukitazama moja kwa moja, yaani unasimama pembeni ukikitazama kwa mshazari, kama nyuzi 34 kutoka kwenye uso wa kioo. Hapo polaraiza inaua mwakisi karibu wote. Ukisimama mbele ya duka uso kwa uso haifanyi lolote isipokuwa kukunyang'anya zaidi ya nusu ya mwanga wako. Gauni la harusi huuzwa kwa picha ya mbele, kwa hiyo filta ya kijana ilibaki mfukoni.

Baada ya picha kumi na kaniki na kupandisha stendi, kilichobaki kwenye gauni kilikuwa doa la bluu hafifu kwenye paja, masalia ya kontena. Hapa sasa ndipo brashi inaruhusiwa, na si ya kunakili. Alichora eneo la doa, akalainisha kingo zake, kisha ndani yake akashusha rangi ya bluu peke yake kidogo kidogo hadi weupe ukalingana na pembeni, na akaivuta chini ngazi ya giza kabisa ili vivuli vya mikunjo virudi. Ukungu wa mwakisi hukaa zaidi kwenye vivuli kuliko kwenye weupe, kwa hiyo marekebisho huanzia chini. Akizidisha, eneo lile linakuwa na giza la matope na kingo zake zinaonekana. Namna ya kujua ni kuikuza picha kwa asilimia 100 na kufuata uzi mmoja wa nakshi kutoka nje ya eneo hadi ndani yake. Uzi ukibadilika unene au ukakatika, umezidisha. Kagua pia maandishi kama yapo, kwa mfano kibandiko cha bei. Tarakimu zikisomeka kama zinavyosomeka dukani, mandhari iko salama.

Kulikuwa na sehemu ndogo ya pindo ambapo vioo vya pembeni vya malori vilikuwa vimerusha jua katika picha zote. 255 tupu. Kijana alitaka kunakili nakshi kutoka upande wa pili wa gauni, na mama akamwambia ziko tofauti, pindo la kushoto lina shanga na la kulia halina. Wakalipiga picha ya karibu peke yake, kaniki ikiwa imetundikwa. Kwa gazeti suala hilo lisingekuwa na mjadala. Kaniki, saa nzuri na polaraiza ni upigaji picha, lakini kupandikiza kipande kutoka mahali pengine ni kubuni, na mhariri mwenye akili timamu hapitishi.

Kwenye basi la kutoka Tunduma kwenda Mbeya, au kwenye behewa la TAZARA, hakuna foleni ya kusubiri wala stendi, na mashamba ya kahawa ya Mbozi hayarudi nyuma yapigwe mara ya pili. Njia inayobaki ni kuileta lenzi karibu na kioo hadi mwakisi ukose pa kuingilia, ukizungushia kiganja, kofia au ukingo wa mpira. Usiigandamize kwenye kioo chenyewe, kwa kuwa kinatetemeka na injini na kitakufifishia picha. Mpira laini unameza mtetemo huo. Polaraiza huku iache kabisa. Vioo vya pembeni vya mabasi mengi ni vya kuchomwa ili vivunjike vipande vidogo, na uchomaji huo unaacha mikazo ndani yake ambayo macho hayaioni ila filta inaionyesha, na shamba lako la kahawa litatoka na safu za madoa ya kijivu na zambarau. Madoa hayo si mwanga ulioongezwa juu ya mandhari. Ni mwanga wa mandhari yenyewe uliopunguzwa nukta kwa nukta, na hakuna `Darken` wala `Subtract` inayoyaondoa.